Bango la mita nne, uso wa pikseli 180: kisa cha kukuza na kunoa picha ya kwaya

## Kazi ilivyokuwa

Kwaya moja ya Dar es Salaam ilikuwa inatimiza miaka 25. Miezi miwili kabla ya sherehe niliwatengenezea picha ya kuunganisha ya watu tisa kwa ajili ya mitandao. Wanane walipigwa studio, mmoja mmoja, kwa kamera ya megapikseli 24. Wa tisa, mama mmoja mtu mzima, alikuwa safarini Mwanza, akatuma picha yake kwa WhatsApp. Nikawakata wote, nikawapanga mbele ya bahari ya jioni, nikaweka vivuli na rangi ya pamoja, na kazi ikaisha. Picha ilipendwa.

Jumatano moja jioni katibu akapiga simu. "Kaka, ile picha yetu, tunaitaka vilevile kwenye bango. Mita nne kwa mbili na nusu. Ibada ni Jumapili."

Nikamuuliza bango litakaa wapi, nikidhani atasema getini au barabarani. Akasema litakuwa ndani ya ukumbi, ukutani, ili watu wapige picha mbele yake. Jibu hilo liliigeuza kazi nzima, na sababu yake naieleza hapa chini.

Majina ya watu, kanisa na karakana nimeyaondoa. Namba ni za faili lenyewe.

## Pikseli 4800 zinatosha?

Faili langu la Photoshop lilikuwa na upana wa pikseli 4800 na kimo cha 3000. Ukilitandaza kwenye mita nne, kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 0.83, yaani kama pikseli 30 kwa inchi.

Jicho zima hutenganisha vitu viwili vikiwa na pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, kati yao. Kwa lugha ya karakana: gawanya 87 kwa umbali wa mtazamaji kwa mita, utapata pikseli kwa inchi ambazo jicho lake linaweza kuzitambua. Mtu aliye mita tano anahitaji kama 17. Bango hili lingetundikwa barabarani, faili langu lingeenda mashineni lilivyo na hakuna ambaye angelalamika. Lakini anayesimama mita moja na nusu kutoka ukutani, akisubiri zamu yake ya kupigwa picha, anahitaji 58. Nilikuwa na nusu yake.

Nikaamua kukuza mara mbili na nusu: pikseli 12000 kwa 7500, yaani 76 kwa inchi. Ziada ile juu ya 58 ni kwa ajili ya watu ambao hawasimami mita moja na nusu hata ukiwawekea kamba.

Fundi wa mashine ya fleksi alikuwa na neno lake: "Lete 300, bosi, isije ikatoka ukungu." Kila msanifu wa mjini ameshaambiwa hivi. Kwa mita nne, 300 kwa inchi ni upana wa pikseli 47,244, na faili la rangi nne lingezidi gigabaiti tano hata kabla ya kuweka leya ya pili. Wengi huikwepa hoja hii kwa kufungua `Image Size`, kuondoa tiki kwenye `Resample` na kuandika 300. Fundi anafurahi, picha haijaongezeka hata pikseli moja, na vipimo vya bango vimepungua. Namba kubwa anazoziona fundi kwenye mashine yake, 720 na kuendelea, ni za matone ya wino. Pikseli za picha ni jambo jingine. Nilimwambia nitamletea kipande cha majaribio, tuache kipande kiamue.

## Kipande kilichoniumbua

Alhamisi asubuhi nilifanya kile ambacho haraka humfanyisha mtu. Nilichukua ile picha ya mtandaoni iliyokwisha kubanwa leya zote, nikaikuza kwa `Preserve Details 2.0`, nikainoa tena juu yake, nikakata kipande cha upana wa mita moja chenye nyuso tatu na kukipeleka Kariakoo.

Kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa kinapendeza. Kwenye fleksi, chini ya jua la mlangoni, tuliona mambo matatu.

La kwanza, kila kichwa kilikuwa na mstari mweupe kukizunguka, kama picha iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi. Chanzo chake ni unoaji wa zamani. Miezi miwili nyuma niliinoa picha kwa ajili ya simu, kwa `Unsharp Mask` yenye `Radius` ya pikseli 3. Kwenye simu mstari ule ni mwembamba mno kuonekana, ndiyo maana picha inaonekana kali. Kwenye bango pikseli tatu ni milimita mbili na nusu. Kisha nikawa nimeunoa mstari wenyewe.

La pili, shavu la yule mama wa Mwanza lilikuwa na viraka vya mraba. JPEG hubana picha kwa vyumba vya pikseli 8 kwa 8. Picha yake nilikuwa nimeikuza mara moja na nusu ili alingane kimo na wenzake, kwa hiyo kila chumba kilikuwa pikseli 12 kwenye picha kuu. Zidisha kwa milimita 0.83: sentimita moja. Nilipima kwa rula pale pale na ilikuwa sentimita moja kweli. Programu ya kukuza haijui kipi ni ngozi na kipi ni alama ya kubanwa. Iliona kingo, ikazilinda kwa uaminifu wote.

La tatu lilikuwa la kimyakimya zaidi. Ngozi za wale wengine zilikuwa laini kama mshumaa, bila vinyweleo, wakati vitenge vyao vimenolewa kupita kiasi. Fundi alitazama, akasema, "Hawa wamepakwa mafuta." Sikuwa na cha kubisha.

## Wa kukuzwa na wa kurudishwa kutoka kamera

Nilipofungua faili lenye leya, nilikuta bahati moja na kosa moja. Bahati: ule unoaji wa zamani niliufanya kwenye leya ya juu iliyonakili zote zilizo chini, kwa hiyo niliizima tu na mistari myeupe ikapotea. Kosa: watu nilikuwa nimewapunguza na kuwapanga kama leya za kawaida, si `Smart Object`. Ukimpunguza mtu kwenye leya ya kawaida, pikseli zilizozidi zinatupwa. Ukimkuza tena unapata kivuli chake.

Lakini picha za kamera zilikuwepo kwenye diski. Nilipopima, hesabu ilikaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Kwenye picha ya kamera mtu mmoja alikuwa na kimo cha pikseli kama 5000. Kwenye picha ya kuunganisha alikuwa 1900. Kwenye bango la pikseli 7500 angehitaji 4750. Kwa maneno mengine, kila nilichokuwa nataka programu inibunie kilikuwa tayari kwenye diski, karibu kwa ukubwa uleule.

Basi kwa nini nisianze upya kabisa? Kwa sababu ya rangi. Picha ya kuunganisha ilikuwa na saa nyingi za kuchora mwanga wa jioni kwenye nyuso, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa imechorwa moja kwa moja kwenye leya za watu. Kurudia hayo kwa watu wanane ndani ya siku moja na nusu kungeleta picha nyingine, na katibu alisema "vilevile".

Nikachagua njia ya kati: mwanga na rangi zitoke kwenye picha ya kuunganisha iliyokuzwa, vinyweleo na nyuzi zitoke kamerani. Kwa mtu mmoja ilikwenda hivi. Kwanza niliondoa maandishi na nembo zote, maana hizo zingewekwa mwisho kama vekta na hazina sababu ya kukuzwa. Kisha nilikuza picha nzima hadi 12000 kwa 7500. Nikaleta picha ya kamera ya mtu yule juu yake kama `Smart Object`, nikaibadili kuwa `Difference` na kuisogeza, kuipunguza na kuizungusha hadi uso ukawa karibu mweusi wote. Weusi ndio unaokuambia kwamba jicho limekaa juu ya jicho. Nikarudisha hali ya kawaida, nikaondoa rangi, nikapitisha `High Pass` ya pikseli 4 na kuiweka `Linear Light`.

`High Pass` huacha kijivu kitupu mahali pasipo na kitu kidogo, na kile kijivu hakibadilishi chochote kwenye `Linear Light`. Kinachobaki ni kope, mikunjo ya midomo, nyuzi za kitenge. Nilianza na `Opacity` ya asilimia 50, ikawa nyingi kwa sababu picha iliyokuzwa tayari ilikuwa na sehemu ya kingo hizo, zikawa zinahesabiwa mara mbili. Nikatulia kwenye 35.

Mtu mmoja aligoma. Kila nilipolinganisha uso, kiuno kilikuwa kinang'aa kwenye `Difference`. Nilihangaika karibu nusu saa kabla ya kukumbuka kwamba nilimpunguza tumbo kwa `Liquify`, kwa ombi lake mwenyewe. Kwake nilitumia vinyweleo vya uso na mikono tu, gauni nikaliacha lilivyokuzwa. Hakuna aliyeona.

Kingo za kukatwa zilihitaji mkono. Ukingo uliokuwa pikseli mbili ulikuwa sasa tano, kama milimita moja na nusu ya ukungu kati ya bega na bahari. Nilifungua maski ya kila mtu, nikabana `Levels` zake kutoka pande zote mbili hadi ukingo wa koti ukasimama. Kwenye nywele nilifuta ubanaji huo kwa brashi, kwa kuwa nywele zilizobanwa hufanana na kofia. Waliovaa vilemba walinipa raha siku ile.

Bahari na anga nilizikuza kwa `Bicubic Smoother` peke yake. Zilikuwa na ukungu wa lenzi tangu mwanzo, na anga lililonolewa ni madoa matupu.

## Mama wa pikseli 180

Kwa mama wa Mwanza hapakuwa na kamera ya kurudia. Faili lake lilikuwa pikseli 1200 kwa 1600. Uso wake, kidevu hadi utosi, ulikuwa na pikseli 180, na kwenye bango ulitakiwa kuwa na sentimita 22. Wenzake walikuwa na 700 kwa nafasi hiyohiyo.

Nilimpigia. Nikamwomba aitume tena kama `Document`, njia ambayo haibani picha. Akatuma mara moja, akiwa na furaha ya kusaidia, na faili likaja na ukubwa uleule: alichokuwa nacho kwenye simu yake ni nakala aliyotumiwa na mtu mwingine, iliyokwisha kubanwa.

Wazo la pili lilikuwa kumhamishia safu ya nyuma, aonekane mabega na kichwa tu, kwa udogo. Nilimwandikia katibu. Jibu lake: "Yule mama ndiye mwanzilishi wa kwaya. Akikaa nyuma, utakuja kuwaeleza wewe." Akabaki mbele, wa pili kutoka kushoto.

Basi nilimtoa kwenye picha ya kuunganisha na kuanza naye kutoka faili lake la asili, akuzwe mara moja tu badala ya mara mbili. Kabla ya kukuza, nilisafisha viraka. `Reduce Noise` yenye tiki ya `Remove JPEG Artifact` ilipunguza miraba ya mwanga. Miraba ya rangi ni mikubwa zaidi, kwa sababu JPEG za simu kwa kawaida huhifadhi rangi kwa pikseli chache kuliko za mwanga. Hizo nilizimaliza kwa kubadili picha kuwa `Lab` na kutia ukungu wa pikseli 3 kwenye chaneli za `a` na `b` pekee. Jicho halidai ukali kwenye rangi, kwa hiyo ukungu huo hauonekani, lakini viraka vya kijani na zambarau shavuni vinaondoka.

Kisha nikamkuza mara 3.7 kwa nakala mbili: moja `Preserve Details 2.0` kwa ajili ya kope, nywele na mishono ya gauni, nyingine `Bicubic Smoother` kwa ngozi, nikaziunganisha kwa maski. Ngozi ikawa safi na laini mno. Kope nilizitia mstari mwembamba kwa brashi, na nukta ya mwanga kwenye kila jicho. Nikaishia hapo. Ukianza kuchora mikunjo ambayo hukuiona, unachora mama mwingine.

## Kunoa, kisha chembe

Unoaji wa kuchapa hupimwa kwa milimita za kwenye fleksi. Kwa mtazamaji wa mita moja na nusu, kitu kidogo anachokiona ni kama milimita 0.44, na pikseli yangu sasa ilikuwa 0.33. Kwa hiyo `Radius` ya pikseli 1.3 inaufanya mstari wa unoaji uwe katika ukubwa ambao jicho linausoma kama ukali. Ukifika 3, jicho linauona kama mstari. Nilitumia `Smart Sharpen`, nguvu 120, kwenye leya yenye hali ya `Luminosity` ili rangi za kingo zisichafuke. Maski ilikuwa nyeupe kwenye macho, meno, vito na vitenge, asilimia 30 kwenye ngozi, nyeusi kwenye bahari.

Mama nilimnoa kama wengine, lakini majirani zake wawili niliwapunguzia vinyweleo vya kamera kutoka 35 hadi 20. Hii iliniuma kidogo, maana ni kuharibu kilicho kizuri. Ila mtazamaji halinganishi uso na kamera. Analinganisha uso na uso ulio kando yake. Ukali ukipanda taratibu kuanzia kwake kwenda kulia, hakuna mahali pa kushtukia.

Mwisho wa yote, chembe. Leya ya kijivu cha asilimia 50 katika hali ya `Overlay`, `Add Noise` ya 4, `Gaussian`, `Monochromatic`. Chembe zinakuja baada ya kunoa, kwa sababu ukizinoa zinakuwa mchanga. Kazi yake ni kumvisha kila mtu ngozi ya aina moja: aliyetoka kamera ya studio na aliyetoka simu iliyobana picha mara mbili.

Kipande cha pili kilichapwa Ijumaa mchana, mashine ileile, fleksi ileile, kikiwa na uso wa mama na jirani zake. Tulikitazama kwa mita moja na nusu, kisha nne, kisha nikakipiga picha kwa simu, maana wengi wangeliona bango kupitia simu. Fundi alisogea akatafuta mraba shavuni kwa mama, hakuuona. Hakulitaja tena lile 300.

Faili lilikwenda kama `PDF`: picha chini, maandishi na nembo juu kama vekta, fonti zimegeuzwa maumbo. Nilimwandikia fundi kwa herufi kubwa kwamba ni ukubwa kamili, asipanue wala kupunguza, na sentimita tano za pembeni zimeachwa kwa mkunjo na ringi.

## Jumapili na baada yake

Bango lilitundikwa. Watu walipiga picha mbele yake tangu asubuhi, na mama mwenyewe, aliyekwisha kurudi, alisimama chini ya uso wake na wajukuu. Kwa umbali waliosimama, nyuso tisa zilikuwa za familia moja. Kilichozaa matunda zaidi ni kurudi kwenye picha za kamera: niliporuka hatua hiyo kwa majaribio kwenye uso mmoja, hakuna unoaji uliouokoa, ulibaki ule ule wa mshumaa.

Yaliyonishinda nayaona hadi leo. Nukta za mwanga nilizochora machoni kwa mama zilikuwa safi mno, mviringo kamili, wakati za wenzake zina umbo la taa ya studio. Ningezinakili kutoka kwa jirani. Chembe kwenye anga, upande wa juu wenye giza, zilionekana kama vumbi kwa aliyekaribia. Zilizuia mistari ya rangi isijitokeze pale, jambo ambalo nilikuwa nalitaka, lakini nusu yake ingetosha.

Kosa kubwa zaidi halikuhusu ukali. Wanaume watatu walivaa suti nyeusi, na kwenye bango suti zao zilikuwa doa moja, kola na mifuko imemezwa na wino. Vipande vyote viwili nilivyochapa vilikuwa vya nyuso na vitenge. Sikuweka suti hata moja, na nilivitazama juani mlangoni, wakati ukumbi ulikuwa na balbu za njano na fleksi ilikuwa inang'aa. Kipande kilijibu nilichokiuliza tu. Siku hizi kipande changu kina uso mbaya kuliko wote, sehemu nyeusi kuliko zote na anga, hata kama vitatu hivyo vinabidi kuunganishwa kwenye ukanda mmoja, na nakitazama ndani, chini ya taa.

Jumanne iliyofuata ulikuja ujumbe kutoka Mwanza. Mpwa wa yule mama, ndiye aliyempiga picha, alikuwa amesikia tunaitafuta. Akaituma kutoka kwenye simu yake kama `Document`. Ilikuwa pikseli 3000 kwa 4000, ukali wa kutosha kuhesabu nyuzi za kilemba. Mimi nilikuwa nimemwomba aliye kwenye picha. Sikuuliza ilipigwa na simu ya nani.